Nilivyochapa silabusi pande mbili kwa printa ya upande mmoja

Siku hiyo mvua ilikuwa haijakatika tangu asubuhi. Mwanafunzi mmoja aliingia katika chumba chetu cha kuchapia, hapa Kadutu, Bukavu, flashi yake ameifunga ndani ya kimfuko cha plastiki. Alikuwa na silabusi ya kurasa 93, na darasani kwao walikuwa watu kumi walioichangia.

"Yaya, tumepata pesa ya rimu moja tu. Itatutosha?"

Rimu ni karatasi 500. Nakala kumi kwa upande mmoja zingekula karatasi 930. Kwa pande mbili, kila nakala inahitaji karatasi 47, yaani 470 kwa zote. Karatasi zingetosha na 30 zingebaki. Shida ni kwamba printa yetu ya leza ni ndogo, haiwezi kugeuza karatasi yenyewe. Nilimwambia aniachie flashi, arudi kesho yake mchana.

Njia yenyewe wengi wanaijua kwa kuisikia: unachapa kwanza kurasa za witiri (1, 3, 5), unarudisha karatasi kwenye trei, halafu unachapa za shufwa (2, 4, 6) mgongoni. Lakini kila printa ina namna yake ya kumeza karatasi. Kwa hiyo nilichukua karatasi chakavu, nikachora kwa kalamu ya risasi mshale upande wa juu, ncha ikielekea ndani ya mashine, nikachapa ukurasa mmoja. Maandishi yalitoka upande uleule wenye mshale, na kichwa cha ukurasa kilikuwa kwenye ncha yake. Hapo nilijua mambo mawili: printa yetu huandika upande unaotazama juu kwenye trei, na kichwa cha ukurasa ndicho kinachotangulia kuingia. Basi katika awamu ya pili mgongo mweupe lazima utazame juu, na ukingo wenye kichwa utangulie tena. Ukiingiza kinyume, ukurasa wa 2 utasimama kichwa chini ukilinganisha na wa 1.

Jambo lingine la kutazama ni mpangilio. Kwetu karatasi hutoka zimelala kifudifudi, ukurasa wa 1 chini kabisa na wa 93 juu kabisa. Nikizirudisha hivyohivyo kwenye trei, mashine itaanza kuvuta ile ya juu, yaani ya mwisho. Ndiyo maana kurasa za shufwa lazima zichapwe kinyumenyume, kuanzia kubwa hadi 2. Faida yake ni kwamba mwishoni karatasi ya kwanza inatoka ya mwisho na kulala juu, ukurasa wa 1 ukitazama juu. Kitabu kinatoka kimejipanga.

Kompyuta yetu ni ya zamani na inatumia Ubuntu, kwa hiyo niliandika amri mbili:

```
lp -o page-set=odd silabusi.pdf
lp -o page-set=even -o outputorder=reverse silabusi.pdf
```

Ya pili unaiandika baada ya kurudisha karatasi kwenye trei, si kabla.

Nakala ya kwanza ilichapwa bila kukwama. Mashine ilinyamaza, nikaona karatasi moja imebaki kwenye trei. Niliitoa: ilikuwa ya ukurasa wa 1, mgongo mtupu. Nikafungua rundo, nikakuta ukurasa wa 2 uko mgongoni mwa 3, wa 4 mgongoni mwa 5, na wa 92 mgongoni mwa 93.

Chanzo chake ni hesabu. Kurasa 93 zina witiri 47 na shufwa 46. Karatasi ya 93 haina mwenzake, lakini ndiyo iliyokuwa juu, kwa hiyo ilivutwa kwanza ikapewa ukurasa wa 92 usio wake, na zote zikasogea nafasi moja. Nilikuwa na mkono tayari wa kulitupa rundo lile, kisha nikaona halijaharibika. Nikigeuza kila karatasi, ukurasa wa 2 unakuwa mbele na wa 3 nyuma, wa 4 mbele na wa 5 nyuma. Ile ya kwanza nayo nikaigeuza: mbele nyeupe, nyuma ukurasa wa 1. Ilisomeka kwa mfululizo bila kupungukiwa hata ukurasa. Upande ule mweupe ukawa jalada, nikaandika juu yake jina la somo kwa mkono. Hili linawezekana kama pambizo za kushoto na kulia zinalingana; kama moja imeachwa pana kwa ajili ya pini, baada ya kugeuza pini itaingia upande wenye maandishi.

Kwa nakala zilizobaki ningeweza kutoa karatasi ya 93 kwa mkono kabla ya kurudisha rundo, lakini kulikumbuka jambo hilo mara tisa sikujiamini. Nilifungua silabusi katika LibreOffice, nikaongeza ukurasa wa 94 wenye maneno "Ukurasa huu umeachwa wazi", nikahifadhi PDF upya. Niliweka maneno makusudi, kwa sababu kuna programu zinazoruka ukurasa usio na kitu.

Nakala ya pili na ya tatu zilitoka sawa. Katika ya nne mashine iliomba karatasi ilhali ukurasa wa 2 ulikuwa bado haujachapwa. Hii ni dalili iliyo kinyume cha ile ya kwanza: mahali fulani karatasi mbili zilivutwa pamoja. Nikaipata sehemu yenyewe: 61 ilikuwa imepata 62 yake, 59 imepita pamoja nayo bila kuchapwa, kisha ukurasa wa 60 ukaangukia mgongoni mwa 57, wa 58 mgongoni mwa 55, hivyo hadi chini. Hapa kugeuza hakusaidii. Karatasi 29 ziliharibika, kutoka ya 57 hadi ya 1. Niliokoa ya 59 kwa kuichapa ukurasa wa 60 peke yake, kisha nikachapa upya kurasa 1 hadi 58.

Sababu ilikuwa unyevu na joto kwa pamoja. Msimu wa mvua hapa kwetu karatasi hufyonza unyevu. Ikipita kwenye leza, ambayo huyeyusha wino wa unga kwa joto, inatoka imejikunja na inanata kwa jirani yake. Mimi nilikuwa nikizirudisha zikiwa bado na moto mkononi. Kuanzia hapo niliziweka chini ya kamusi nzito kama dakika kumi, nikazipepeta kwa kidole gumba ili hewa ipite katikati, nikagonga kingo mezani mpaka zikalingana. Pia niligawa kila nakala vipande vitatu, karatasi 20, 20 na 7, ili kosa likitokea lisile nakala yote:

```
lp -o page-ranges=1-40 -o page-set=odd silabusi.pdf
lp -o page-ranges=1-40 -o page-set=even -o outputorder=reverse silabusi.pdf
```

Kisha 41-80, kisha 81-94. Kila kipande lazima kianze na ukurasa wa witiri na kuishia na wa shufwa, na kinapotoka unakiweka chini ya kilichotangulia.

Kesho yake mchana mwanafunzi alikuta nakala kumi mezani. Alifungua moja katikati, akapitisha kidole kutoka 46 hadi 47, akageuza hadi 48. "Aksanti, yaya." Karatasi iliyobaki katika rimu ilikuwa moja, nikampa aandikie orodha ya waliolipa.