Shimo la jino siku ya tatu: namna nilivyolituliza bila antibiotike

Kinachonichosha katika kazi yangu ya meno hapa Bukavu si meno, ni washauri. Mama mmoja muuza samaki wadogo wa sambaza kule Kadutu aling'olewa gego la chini kushoto Jumatatu, mahali pengine, si kwangu. Jino lilikuwa gumu, likamchukua karibu saa nzima. Jumanne iliuma kidogo, Jumatano mchana akala bugali vizuri, akasema amepona. Usiku ule maumivu yakarudi na yakapita yale ya siku ya kwanza. Alhamisi asubuhi alipofika kwangu, kichwa kimefungwa kitambaa, washauri walikuwa wamekwisha kumtibu. Shemeji yake alikuwa amemwambia asukutue kwa nguvu na maji ya chumvi tangu jioni ile ile ya kung'olewa. Jirani akampa tumbaku aweke ndani ya shimo. Muuza farmasi akamtolea vidonge kadhaa vya amoksisilini, "vya kuzima infeksio".

"Muganga, sikio langu limeoza?"

"Sikio ni zima, Mama. Fungua kinywa."

Kabla ya kutazama shimo nilifanya vitu vitatu. Nilipima joto: nyuzi 36.8. Nikashika chini ya taya na shingoni kwa vidole: hakuna uvimbe, hakuna tezi iliyovimba. Nikamwambia asimamishe vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, avitie katikati ya meno ya mbele. Vikaingia vyote. Mtu mwenye usaha unaosukuma kwenye misuli ya taya mara nyingi hapitishi zaidi ya viwili. Kwa hiyo tayari niliegemea upande wa kile tunachokiita alveoliti, shimo kavu, ila sikusema, kwa sababu shimo lenyewe halijasema.

Umeme ulikuwa umekatika, nikamulika kwa taa ya simu na kioo kidogo. Hapa ndipo watu wengi hukosea, pamoja na waganga. Shimo linalopona vizuri siku ya tatu huwa na utando mweupe au wa njano juu ya donge la damu, laini, haumi ukiguswa. Mgonjwa akiuona kwenye kioo anapiga kelele, "usaha!" Usaha hutiririka ukibonyeza fizi, na fizi huwa nyekundu, imejaa. Shimo la mama yule halikuwa na kimoja wala kingine. Nilipoondoa mabaki ya bugali na tumbaku kwa maji, nikaona ukuta wa mfupa ulio wazi, wa kijivu, mkavu kama mfupa wa kuku uliokwisha kutafunwa. Niliugusa kidogo tu na kifaa chenye ncha butu, akaruka kitini. Harufu ilikuwa mbaya, lakini harufu peke yake si infeksio, ni chakula kilichooza kwenye mfupa usio na kifuniko.

Sikio linauma kwa sababu mshipa mmoja wa neva hutoa matawi kwenye taya ya chini na karibu na sikio, na ubongo hauelewi kelele inatoka wapi. Donge la damu kwa kawaida hufunika mfupa, halafu nyama mpya huota ndani yake. Likiyeyuka mapema au likivutwa nje, mfupa hubaki uchi. Kung'oa kwa tabu, sigara na kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza vyote husaidia jambo hilo kutokea, na taya ya chini ndiyo inayopata zaidi, hasa kwenye gego la mwisho. Ndiyo maana nilimkasirikia yule shemeji kuliko muuza dawa.

Nilipiga radio ya taya, yaani picha ya eksirei, kuhakikisha hakuna kipande cha mzizi kilichobaki. Hakikuwepo. Nikampa sindano ya ganzi, nikaosha shimo kwa serumu ya chumvi ya 0.9%, iliyopashwa joto kidogo mkononi, kama mililita 20, polepole, kwa seringi yenye sindano butu iliyopindwa. Sikukwangua. Wakati nasoma, kuna aliyenifundisha kukwangua mfupa hadi utoke damu upya. Niliwahi kufanya hivyo, na mgonjwa akarudi kesho yake na shimo kubwa zaidi, uchi zaidi, akinitazama kama adui.

Baada ya hapo huja kufunga kwa mafuta ya karafuu, na hapa nikiri aibu yangu nyingine. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nililowesha utepe wa kompresi, ile shashi ya kufungia kidonda, mpaka ukadondosha. Mafuta yakashuka kwenye shavu na fizi, yakaunguza, mgonjwa akapata kidonda cheupe pembeni ya shimo lililokuwa likipona. Ojenoli, ile iliyomo ndani ya mafuta ya karafuu, ni dawa ya maumivu kwenye mfupa, ni moto kwenye nyama laini. Sasa nachukua utepe mwembamba, karibu sentimita 10, nadondosha matone mawili tu, kisha naukamua katikati ya kompresi mbili kavu mpaka usiache alama ya mafuta. Naulaza kwa mikunjo kuanzia chini ya shimo, bila kushindilia, kwa sababu ukishindilia unabana mfupa nao unauma upya. Mkia wa utepe nauacha uonekane ili nisiusahau ndani. Kwanza nakausha shimo, la sivyo linautema baada ya saa chache. Msifanye hivi nyumbani na chupa ya karafuu, mtaunguza kinywa.

Ganzi ilipoisha alitaka kuondoka akicheka. Nilimpa ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya kula, na parasetamoli gramu 1 kila saa 8, kwa kupishana. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au mwenye figo mbovu asiguse ibuprofeni. Amoksisilini nilimwambia aache, kwa sababu haina kazi kwenye mfupa mkavu usio na usaha, haitauvisha nyama. Alininunia, maana alikuwa amelipa, faranga elfu kadhaa tu lakini amelipa.

Siku hiyo hiyo kwenye benchi alikuwepo kijana mwingine aliyeng'olewa jino la chini Jumamosi. Yeye uvimbe ulikuwa unazidi badala ya kupungua. Uvimbe wa kawaida hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Wake ulipanda, shavu limekakamaa, joto nyuzi 38.6, vidole viwili tu vinaingia. Huyo ndiye wa antibiotike na kupasua usaha. Angekuwa na uvimbe chini ya ulimi, sauti imebadilika, mate yanamtoka kwa kushindwa kumeza, ningemwita mwenye pikipiki palepale, si kesho, ampeleke hospitali kuu, maana pumzi inaweza kuzibwa usiku.

Mama wa sambaza alirudi Jumamosi, maumivu yamebaki nusu. Nikabadilisha utepe. Jumatatu niliutoa, sikuweka mwingine, kwa sababu dawa ikikaa ndani baada ya maumivu kwisha huchelewesha nyama. Nilimpa seringi ya mililita 10 isiyo na sindano, aoshe baada ya kula kwa glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kwa upole, akielekeza ncha ndani ya shimo, mpaka chakula kisiingie tena. Wiki ya pili mfupa haukuonekana tena. Akaniletea kilo ya sambaza, na shemeji yake akaja naye, ana jino linalotikisika.