Mapigo 305 kwa dakika: nilivyoitibu saa ya baba iliyokuwa ikikimbia

Baba alikuwa karani bandarini Tanga, na saa yake ya mkononi ilikuwa ya kutia ufunguo, ile ambayo kila asubuhi unazungusha kichwa chake mpaka kamani ikaze. Alipofariki nikaichukua mimi. Niliiweka juu ya kabati, kando ya spika ya redio, nikawa naitia ufunguo nikikumbuka. Mwaka uliopita nikaamua kuivaa. Siku ya kwanza niliilinganisha na simu saa mbili usiku, na kesho yake saa mbili usiku ilikuwa mbele kwa dakika 24. Nikairudisha, ikakimbia tena dakika 24. Saa iliyochoka au yenye mafuta yaliyokauka huenda ovyo, leo mbele, kesho nyuma, au husimama. Hii ilikuwa na kosa moja ikilirudia kwa uaminifu, ndiyo maana nikaamini inatibika.

Nilianza kwa papara. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikaona juu ya gurudumu linaloyumba kuna kijiti chembamba chenye alama za kujumlisha na kutoa. Nikakisukuma upande wa kutoa mpaka mwisho wake. Siku iliyofuata saa ilikimbia dakika 20. Hapo nikaacha kugusa, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa anayekaa barazani Ngamiani na meza yake ya kioo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inakusumbua nini?"

Nilipomweleza hakuifungua kwanza. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akasema, "Inapiga haraka, tena inachechemea. Hayo ni mambo mawili, tusiyachanganye." Kisha akaniuliza kama nimegusa kile kijiti. Nikakiri. Akakirudisha katikati, akasema kile ni cha kurekebisha sekunde, na saa ikikosea kwa dakika nyingi hivyo ugonjwa uko kwingine.

Aliniazima lenzi yake ya jicho, akanionyesha viungo vitatu ambavyo kazi yote ya kuhesabu muda iko kwao. Cha kwanza ni gurudumu la mizani, pete ya madini inayoyumba huku na huku bila kukamilisha mzunguko. Ikiwa na nguvu nzuri huenda karibu nyuzi 270 upande mmoja, husimama, hurudi, na kwenda vivyo hivyo upande wa pili. Kinachoirudisha ni cha pili, springi nyembamba kama unywele iliyojiviringa katikati yake. Ncha yake ya ndani imeshikwa kwenye mhimili wa gurudumu, ya nje imefungwa kwenye mwili wa saa. Gurudumu likienda mbali springi hulivuta kwa nguvu zaidi, likienda karibu hulivuta kwa nguvu ndogo. Kwa sababu hiyo myumbo mpana na myumbo mfupi huchukua muda ule ule, au karibu sana. Kamani ikilegea jioni gurudumu huyumba kwa upana mdogo zaidi, lakini hesabu haiharibiki sana. Christiaan Huygens wa Uholanzi ndiye aliyetangaza saa yenye springi ya namna hiyo mwaka 1675, na kabla yake saa za kubeba zilikosea kwa dakika nyingi kila siku.

Cha tatu ni uma. Ni kipande kidogo cha chuma chenye pengo upande mmoja na mikono miwili upande wa pili, na kila mkono umebeba kijiwe cha yakuti chekundu. Mwingereza Thomas Mudge aliubuni utaratibu huu katikati ya karne ya 18, na mpaka leo karibu kila saa ya mkononi ya kutia ufunguo inautumia. Uma unakaa kati ya gurudumu la mizani na gurudumu la mwisho la saa, lenye meno 15 yaliyoinama. Gurudumu hilo linasukumwa na kamani muda wote na lingependa kukimbia mpaka nguvu iishe. Linazuiwa na kijiwe kimoja cha uma kilichosimama mbele ya jino lake.

Mzee alichukua kijiti cha mti laini akalisukuma gurudumu la mizani taratibu sana, mpaka nikaona tukio zima. Chini ya gurudumu kuna kito kidogo kinachochomoza. Gurudumu likirudi kutoka pembeni, kito hicho huingia kwenye pengo la uma na kuugonga. Uma unageuka kidogo, kijiwe kinajivuta, na jino lililokuwa limezuiwa linaachiwa. Jino hilo halikimbii bure. Linateleza kwenye uso wa kijiwe uliokatwa mshazari, linausukuma uma, na uma unakipiga kito teke dogo linalolirudishia gurudumu nguvu iliyopotea njiani. Jino likimaliza kuteleza, gurudumu la mwisho linaruka hewani kidogo, kisha jino jingine linaangukia kijiwe cha pili na kunasa. Uma nao unagonga ukuta wake na kutulia. Gurudumu la mizani linaendelea na safari yake peke yake, haliguswi na kitu isipokuwa springi, mpaka litakaporudi.

Kwa hiyo ile "tik" tunayoisikia ni sauti tatu zilizobanana. Ya kwanza ni kito kugonga uma. Ya pili ni uma kukifikia kito na kukisukuma. Ya tatu, kubwa kuliko zote, ni jino kuangukia kijiwe na uma kugonga ukuta. Usiku ule nyumbani niliilaza saa juu ya kipaza sauti cha simu, nikarekodi, kisha nikaivuta picha ya sauti kwenye kompyuta mpaka pigo moja likajaza kioo. Nikaviona vilima vitatu, cha mwisho kirefu kupita vingine, na kutoka cha kwanza hadi cha tatu ni kama sehemu 12 za elfu ya sekunde. Nilifurahi kupita kiasi. Umbali huo nao una habari yake: gurudumu likiwa dhaifu hupita katikati polepole, na vilima huachana. Vyangu vilikuwa vimebanana, maana yake nguvu ya saa ilikuwa nzima.

Nikahesabu mapigo. Saa ya aina hii imeundwa kupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde, mara 300 kwa dakika. Yangu ilipiga 305. Mapigo 5 ya ziada katika kila 300 ni sehemu moja katika 60. Siku ina dakika 1,440, na sehemu yake ya 60 ni dakika 24 kamili. Hesabu ilikubaliana na akrabu.

Nilimrudia mzee na namba zangu. Akasema springi inayofanya kazi ikiwa fupi huwa ngumu zaidi, na gurudumu huyumba haraka. Ndivyo kile kijiti kinavyofanya kazi: kina vipini viwili vinavyoibana springi karibu na ncha ya nje, ukivisogeza unarefusha au unafupisha sehemu inayocheza. Kasi hufuata kipeuo cha pili cha ugumu, kwa hiyo kuongeza mapigo 5 katika 300 kunahitaji springi ifupike kwa kama sehemu 3 katika 100 tu. Hakuna aliyeikata. Basi mizunguko yake ilikuwa inashikana mahali fulani, na sehemu iliyoshikana haichezi.

Sababu za kushikana kwa kawaida ni mbili: mafuta yaliyoivamia springi au sumaku. Tuliangalia kwa lenzi. Mafuta yangeonekana yaking'aa kati ya mizunguko, nasi hatukuona kitu. Mzee akatoa dira ndogo, akaileta juu ya saa ikiwa inatembea. Mshale ulivutwa, kisha ukaanza kutetemeka kufuata gurudumu. Akaniuliza, "Ulikuwa unaiweka wapi?" Nikaikumbuka spika. Ndani ya spika mna sumaku nzito, na saa ilikuwa imelala kando yake kwa miaka.

Dawa ilichukua chini ya dakika moja. Alikuwa na kifaa cha kuondoa sumaku, kisanduku chenye koili inayotumia umeme wa ukutani. Aliilaza saa juu yake, akabonyeza kitufe, kisha huku bado amebonyeza akaiinua polepole mpaka mkono ukanyooka, ndipo akaachia. Umeme huo hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na kadiri saa inavyoondoka mbali chuma hugeuzwa kwa nguvu ndogo zaidi mpaka kisibaki na mwelekeo wowote. Ukiachia kitufe saa ikiwa bado karibu, unaweza kuiacha na sumaku zaidi ya mwanzo. Dira ilipoletwa tena, mshale haukutikisika. Nilirekodi pale pale barazani: mapigo 300.

Bado ilikuwa inachechemea. Safari hii nilipima nafasi kati ya pigo na pigo. Ilitakiwa iwe sekunde 0.2 kila mara. Yangu ilikuwa 0.215, halafu 0.185, halafu 0.215 tena. Ukijumlisha mbili unapata 0.4, ndiyo maana akrabu hazikulalamika. Tatizo ni kwamba springi ikiwa imetulia, kito hakikai katikati ya uma, kwa hiyo gurudumu linasafiri zaidi upande mmoja kabla ya kulirudia pengo. Saa ya namna hiyo ni ngumu kuanza yenyewe, na kamani ikilegea husimama mapema. Nikakumbuka baba alivyokuwa akiitikisa kidogo kila asubuhi baada ya kuitia ufunguo. Nilidhani ni mazoea yake tu.

Katika saa mpya nyingi ncha ya nje ya springi imeshikwa na mkono unaosogezwa. Katika hii haikuwapo nafasi hiyo. Mzee alilitoa gurudumu pamoja na springi yake, akaingiza ncha nyembamba kwenye mpasuko wa kipete kinachoishika springi kwenye mhimili, akakizungusha kwa kiasi ambacho mimi sikukiona kwa macho. Alilirudisha, nikarekodi: 0.192 na 0.208. Alikuwa amepitiliza. Akalitoa tena bila neno, na mara ya tatu ikaja 0.202 na 0.198. "Hapo tuiache," akasema. Springi ikiguswa mara nyingi hupinda, na nyingine haipatikani kirahisi.

Wiki ile saa ilikimbia sekunde 50 kwa siku. Kile kijiti nilichokionea mwanzoni ndipo kilipopata kazi yake: mzee alikisogeza unene wa unywele, ikabaki sekunde 15. Sasa inalala kwenye droo ya mbao, chumba kingine na redio. Asubuhi naizungusha kichwa, na gurudumu linaanza lenyewe kabla kamani haijakaza, bila kutikiswa.