Jinsi nilivyotatua mabega kukaza raundi ya tatu

Mabega yakiwaka raundi ya tatu ya kupiga ngumi hewani, mara nyingi chanzo ni ngumi iliyokazwa muda wote: inakaza kigasha, kisha bega linapanda kuelekea sikioni. Nilichobadilisha ni hiki: viganja nusu wazi, ngumi inafungwa mwishoni tu pumzi ikitoka, kisha kiwiko kinarudi mbavuni.

Miguu nayo huchangia, jambo ambalo wengi hawalishuku. Ipanue kiasi cha mabega, wa kushoto mbele kwa anayetumia mkono wa kulia, kisigino cha nyuma kikiinuka kidogo. Kwenda mbele, mguu wa mbele uanze. Kurudi, wa nyuma. Ikikaribiana mno, mwili huyumba na mabega hukaza kuushikilia. Kati ya raundi za dakika 3, pumzika dakika 1, mikono ikining'inia.