Nilivyoandika barua ya kuomba malipo ya duka yaliyoshikiliwa

Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Uyole, Mbeya, na malipo mengi ya wateja hupita kwa kampuni inayotuunganisha na mitandao ya simu na benki. Mteja analipa kwa namba ya biashara, kampuni inakusanya, inakata ada yake, kisha inaingiza kilichobaki kwenye akaunti yangu ya benki. Katikati ya Oktoba salio lilibaki kwenye ukurasa wao likiwa na alama ya "linachunguzwa", na benki haikuingia kitu. Hapa naeleza barua niliyoandika, viambatisho vyake, na kwa nini nilivipanga hivyo.

Kwanza niliuliza kwa barua pepe maswali mawili tu: ni miamala ipi imeshikiliwa, na kwa sababu gani. Bila majibu hayo unaandika gizani, kwa kuwa kila sababu ina ushahidi wake. Kama leseni ya biashara imeisha muda wake, risiti za mauzo hazitasaidia; unapeleka leseni mpya. Kama jina la akaunti ya benki halifanani na jina la usajili, unapeleka hati ya usajili na barua ya benki. Kama mauzo yamepanda ghafla, au mteja amelalamika, hapo ndipo risiti na hati za kukabidhi mzigo zinahitajika. Wakati mwingine hutapewa sababu kamili, kwa sababu uchunguzi ukigusa sheria ya fedha haramu wao wenyewe hawaruhusiwi kukudokeza. Hata hivyo barua yenye ushahidi inapokelewa na kuwekwa kwenye jalada.

Mimi niliambiwa mambo mawili: mauzo yamezidi kiwango cha kawaida, na kuna mteja mmoja anayedai mzigo haukumfikia.

Kazi iliyofuata ilikuwa kulinganisha hesabu, na hapa ndipo barua nyingi za wenye maduka hukwama. Mwenye duka anaandika jumla ya risiti zake, mkaguzi wa kampuni anaona salio tofauti kwenye mfumo, na barua inarudishwa kwa maelezo kwamba kiasi hakilingani. Jumla ya malipo yangu tisa ilikuwa shilingi 7,460,000. Ada kwa mkataba wangu ni asilimia 1, yaani 74,600. Kulikuwa na mteja niliyemrudishia 185,000 kwa sababu rangi aliyotaka ilikwisha, na ada ya malipo yale haikurejeshwa. Kwa hiyo 7,460,000 kutoa 74,600 kutoa 185,000 ni 7,200,400, na hiyo ndiyo namba iliyosomeka kwenye ukurasa wao. Niliiandika barua nzima kuizunguka namba hiyo.

Kisha saa. Faili ya miamala niliyopakua ilikuwa na saa za namna hii:

```
2024-10-14T06:41:09Z
```

Herufi Z mwishoni inaonyesha kwamba saa hiyo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Malipo hayo yalifanyika 09:41, yaani saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi. Usipoongeza saa tatu, risiti ya mashine ya EFD itaonekana imetolewa muda mrefu baada ya malipo, na malipo ya usiku wa manane yataangukia tarehe ya jana. Kuna tofauti nyingine pia: mimi hufunga hesabu ya siku kwenye mashine saa kumi na mbili jioni, wao hufunga saa sita usiku. Mteja akilipa saa mbili usiku ili achukue mzigo asubuhi, malipo ni ya leo na risiti ni ya kesho. Miamala ya namna hiyo niliiwekea maelezo ya mstari mmoja pembeni, na hakuna aliyeuliza tena.

Ukifungua faili hiyo kwa Excel, angalia namba za kumbukumbu. Zikiwa ndefu, Excel huzifupisha zikasomeka kama 1.23E+17, na tarakimu zinazozidi kumi na tano hugeuzwa sifuri. Weka safu hiyo iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data. Namba iliyoharibika haiwezi kutafutwa kwenye mfumo wao, na mkaguzi hana namna ya kujua ulimaanisha muamala upi.

Jedwali langu lilikuwa na mstari mmoja kwa kila malipo: namba ya kumbukumbu, tarehe na saa ya Tanzania, kiasi, namba ya risiti ya EFD, bidhaa, na herufi ya kiambatisho. Risiti zenyewe nilizipiga picha mapema, kwa kuwa karatasi ile hufifia ikikaa kwenye joto au kwenye mfuko wa nailoni. Picha lazima ionyeshe msimbo wa uhakiki na saa, maana kwa hivyo viwili mtu yeyote anaweza kuihakiki risiti kwenye verify.tra.go.tz. Risiti inayohakikika ina uzito kuliko maelezo yoyote yangu.

Mauzo yaliyowatia shaka zaidi yalikuwa ya bati, na ukiyatazama kwa macho yao utaelewa. Malipo manne yaliingia ndani ya siku moja, 1,000,000 mara mbili, kisha 600,000 na 360,000, kutoka namba tatu tofauti, na hakuna hata moja yenye jina lililo kwenye risiti. Kwa mkaguzi, huo ni mfano wa mtu anayekata fedha vipandevipande. Ukweli ni kwamba mzee wa Ilembo alikuwa anaezeka nyumba, na fedha zilitoka kwa wanawe, mmoja Dar es Salaam na mwingine Tunduma, pamoja na mkwe wake. Bati 80 za geji 28 kwa 34,000 ni 2,720,000. Kofia 10 kwa 18,000 ni 180,000. Misumari ya bati kilo 10 kwa 6,000 ni 60,000. Jumla 2,960,000, sawasawa na malipo manne. Niliyaweka pamoja chini ya risiti moja, nikaambatisha hati ya kukabidhi mzigo yenye sahihi ya mzee na namba ya gari, pamoja na maelezo yake mafupi: "Nathibitisha kwamba fedha zilizotumwa na wanangu na mkwe wangu zilikuwa za bati za nyumba yangu, nami bati hizo nimezipokea zote."

Namba za simu za walipaji niliziacha tarakimu nne za mwisho tu, na sikuambatisha kitambulisho cha mteja yeyote. Kampuni tayari inazo namba hizo kwenye mfumo wake, na taarifa za watu hazisambazwi ovyo.

Risiti ya mauzo inaonyesha uliuza. Swali linalofuata ni kama ulikuwa na mzigo wa kuuza. Niliweka risiti za manunuzi kutoka kwa wasambazaji zenye TIN yangu, za tarehe zilizotangulia mauzo, na idadi isiyopungua niliyouza: sementi mifuko 100, nondo 40 za milimita 12, bati na rangi. Risiti ya manunuzi isiyo na TIN yako ni dhaifu sana, maana inaweza kuwa ya mtu yeyote. Ndiyo maana kaunta ya jumla usiondoke kabla hawajaiingiza.

Kuhusu mauzo kupanda, nilieleza kwa aya moja. Huku Nyanda za Juu Kusini watu huuza mahindi baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, na mvua huanza karibu Novemba, hivyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuezeka. Aya hiyo peke yake ingebaki kuwa maneno. Niliambatisha taarifa ya benki ya miezi hiyo hiyo ya mwaka uliotangulia, ambayo ilionyesha ongezeko la aina ile ile.

Sasa barua. Sikuomba "fedha zangu zote". Niliomba malipo yasiyo na mgogoro yatolewe na yenye mgogoro yabaki hadi uamuzi, kwa sababu mkaguzi anaweza kusaini sehemu safi bila kusubiri lalamiko liishe. Mwili wake ulikuwa huu:

"YAH: OMBI LA KUACHILIA MALIPO YALIYOSHIKILIWA, SHILINGI 7,200,400

Rejea lalamiko namba (…) na namba ya biashara (…). Salio hili linatokana na malipo tisa ya tarehe 14 hadi 16 Oktoba, jumla 7,460,000, baada ya kutoa ada 74,600 na marejesho 185,000. Mchanganuo uko Kiambatisho A.

Malipo saba, yaani bati, sementi, nondo na rangi, jumla 6,150,000, hayana lalamiko la mteja. Risiti, hati za kukabidhi mzigo na risiti za manunuzi ziko Kiambatisho B hadi E. Malipo yaliyorejeshwa, 185,000, hayamo katika jumla hiyo. Baada ya kutoa ada zote isipokuwa ya tangi, yaani 63,350, naomba shilingi 6,086,650 ziingizwe kwenye akaunti yangu iliyosajiliwa.

Malipo ya tangi la maji lita 5,000, shilingi 1,125,000, yana lalamiko. Ushahidi wa kukabidhi uko Kiambatisho F. Nakubali yabaki hadi lalamiko lijibiwe.

Naomba jibu kwa maandishi, na kama kuna muamala haukukubaliwa, utajwe kwa namba yake."

Sentensi ya mwisho inazuia jibu la jumla la "nyaraka hazitoshi". Viambatisho niliviunganisha kwenye PDF moja yenye kurasa zilizopewa namba, nikatuma kwa barua pepe ya malalamiko, na nakala nikaipeleka ofisini kwao mjini ili igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo una kazi yake: Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya, hupokea malalamiko ya aina hii, lakini itataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma mwenyewe.

Sehemu safi iliingia kwanza. Kwa tangi, lililopelekwa Vwawa, waliona sahihi ya mpokeaji si ya mlipaji, wakataka uthibitisho zaidi. "Kaka, sahihi ni ya mtu mwingine, sisi tutajuaje?" aliniuliza dada wa kitengo cha malalamiko, na swali lilikuwa la haki. Nilimtumia picha ya tangi likiwa juu ya jukwaa lake, namba iliyochapwa ubavuni ikisomeka, na risiti ya kiwanda yenye namba hiyo hiyo. Ikaonekana mlipaji alikuwa mjini na aliyepokea ni fundi wake. Tangu hapo hati yangu ya kukabidhi mzigo ina nafasi mbili, jina la mlipaji na jina la anayepokea kwa niaba yake, pamoja na simu.

Fedha zikishaingia, omba barua ya kufunga uchunguzi. Salio linaweza kuachiliwa huku alama ya tahadhari ikibaki kwenye namba ya biashara, na mauzo makubwa yanayofuata yakashikwa tena kwa sababu ile ile. Niliomba pia kikomo changu cha siku kiongezwe kwa miezi ya Septemba hadi Novemba, nikitumia viambatisho vile vile.