Nilivyokataa posa aliyoileta shangazi, na mimi tayari nina mtu wangu

Hii kitu sikua na mpango wa kuiandika ila juzi dada mmoja tunafanya nae kazi kanifata anatetemeka kabisa, katafutiwa mtu na nyumbani na yeye ana mtu wake miaka miwili, hajui aanzie wapi. Nikamsimulia ya kwangu mwanzo mwisho na nikaona bora niyaandike yote, hata yale niliyokosea, maana niliyokosea ndo mengi.

Mi nilikua na miaka 27. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndo aliyenilea miaka yote ya sekondari, nimelala kwake, kanifunga nywele, kanisaini ripoti za shule, kwahiyo sio mtu ninayeweza kumwambia sitaki alafu nikate simu. Siku hiyo kanipigia jioni, sauti ina furaha, akasema mwanangu kuna kijana wa familia ya watu, ana kazi yake, ana adabu, wazee wake wameniuliza kuhusu wewe na mimi nimewaambia nitawapa jibu. Mimi nikacheka kidogo nikasema "haya shangazi, tutaongea." Basi. Nikakata simu nikaendelea na mambo yangu nikijua nimeahirisha.

Hiyo haya ndo iliyoniponza. Kwangu ilimaanisha nimesikia, kwake ilimaanisha nimekubali, na kusema ukweli simlaumu, maana si ndo tunavoambiwa toka zamani kwamba binti akinyamaza au akicheka basi karidhia. Ndani ya siku nne picha yangu ilishafika kule, namba yangu kapewa, yule kaka kanitumia meseji ya heshima kabisa ya kujitambulisha, na mama ananiambia kuna wazee wanaulizia Jumamosi ya wiki inayofuata waje. Jumamosi! Mi nilikua na miaka mitatu na mtu wangu na nyumbani aliyekua anajua ni mdogo wangu wa kiume tu.

Nikaanza kutafuta njia za mkato. Ya kwanza nikamwambia shangazi bado najipanga na kazi, naomba muda. Akajibu hapo hapo, "Hamna shida mama, watakusubiri hata mwaka." Nikabaki mdomo wazi. Ndo nikajua kisingizio chenye mwisho wake kinageuka kuwa ahadi, ukisema mpaka nimalize masomo basi siku ukimaliza wako mlangoni, na wamekusubiri, sasa hapo unakataaje tena? Ya pili ilikua mbaya zaidi, nikamwambia mama mi naona huyo kaka kanizidi sana umri. Mama kwa nia njema kabisa akasema ana mdogo wake, ngoja nimuulizie shangazi yako. Ukianza kutaja kasoro za mtu unakua unawapa vigezo vya kukutafutia mwingine, na juu yake umemsema vibaya mtoto wa watu ambae hajakukosea chochote.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nikakutana na mtu wangu nikamueleza yote. Alikasirika mwanzoni, akaniuliza kwanini namba yako wamempa, na mimi nikakasirika, tukakaa kimya pale muda mrefu tu. Baadae nikamwambia sikiliza, swali la kwanza watakaloniuliza sio kama nakupenda, wataniuliza yuko wapi na anakuja lini, nataka niwe na jibu ambalo sio uongo. Nikamwambia pia kama hauko tayari niambie leo, mi posa nitaikataa vile vile, ila sitasema unakuja wakati huji. Akasema nipe wiki hii niongee na baba. Siku ya tatu akanipigia, kaongea na baba yake na baba mdogo wake, wamekubali kujitambulisha kabla ya miezi mitatu kuisha. Hapo angalau nikawa na kitu cha kusimamia.

Nikaanza na mama. Nilisubiri tuko wawili tu chumbani anakunja nguo, nikamwambia mama nina mtu, na nimechelewa kukwambia. Hakuacha kukunja. Aliuliza ni nani, mmeanza lini, alafu akaniangalia usoni akauliza "Una mimba?" Nikamwambia sina. Akashusha pumzi. Alafu akasema basi ngoja mi nimpigie wifi yangu nimueleze.

Hapo nikamkatalia, na hii naomba uisome vizuri kama aliyeleta posa ni shangazi. Mama na shangazi ni mawifi. Neno likitoka kwa mama, hata liwe tamu vipi, shangazi atasikia wifi kakataa chaguo langu, na itakua vita ya watu wazima wawili ambayo haikuhusu tena na huwezi kuizima. Nikamwambia mama shangazi nitamfata mwenyewe, wewe nisaidie kwa baba tu, leo usiku, asije akayasikia kwa dada yake. Kweli akamwambia. Baba asubuhi alipita sebuleni akasema tu, "Nenda kwa shangazi yako. Sio kwa simu." Akatoka.

Nikaenda siku ya katikati ya wiki, mchana, saa ambayo najua wajomba na mabinamu hawapo. Kukataa mbele za watu kunamfanya mtu atetee hadhi yake badala ya kukusikiliza wewe. Nikamsalimia, nikakaa chini karibu na miguu yake kama nilivyokua nakaa zamani, na sikuzunguka sana maana najijua nikizunguka nalia. Nikamwambia shangazi, nimekuja kukuomba msamaha kwanza. Siku ile uliponipigia nilitakiwa nikwambie ukweli pale pale nikakwambia haya, nimekuacha umeenda mbali na neno ambalo sikua nalo. Huyo kaka sijaona ubaya wake na wazee wake nawaheshimu, na najua umenitafutia kwa mapenzi. Ila moyo wangu una mtu, miaka mitatu sasa, na wao wanajipanga kuja kwa baba. Siwezi kuolewa na mwingine nikawa namdanganya yeye na wewe.

Alikaa kimya. Alikua na mkoba wake mapajani, akawa anafungua zipu anafunga, anafungua anafunga, nahisi dakika tano nzima mi nasikiliza ile zipu tu. Alafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. Hakuuliza huyo mtu wako ni nani. Akasema, "Sasa mimi wale watu nitawaambia nini?"

Yani wiki nzima nilikua nawaza atanichukia, kumbe yeye mzigo wake ni kurudi kule mikono mitupu na uso wake. Alijitanguliza, katoa neno, na sasa mimi ndo namfanya aonekane mtu wa maneno matupu. Nikamwambia shangazi waambie hivi, tumemuuliza binti, ameshukuru sana kwa heshima mliyompa, lakini kuna mahali alishatoa neno lake na sisi wakubwa hatukua tunajua, kosa ni la kwake kuchelewa kusema. Akarudia taratibu, "Kuna mahali alishatoa neno." Nikaona zipu imeacha kucheza. Neno hilo lilikua la kweli, halimdhalilishi kijana maana hajapimwa akapunguka, na halimuachii mtu mlango wa kusubiri. Kama kuna kitu kimoja nimemsisitizia huyo dada wa kazini ni hicho, nenda na neno ambalo mshenga wako anaweza kulibeba kurudi nalo, usimuachie atunge mwenyewe.

Alijaribu mara moja tena. Akasema muone tu kijana, mara moja, ukimuona na bado hutaki basi. Hapo nilitaka kukubali jamani, maana alikua ananiomba. Ila nikamwambia shangazi nikikubali kumuona watahesabu hatua nyingine, na nikikataa baada ya hapo nitakua nimemkataa yeye kama yeye, leo nakataa kwasababu tu nina mtu. Akasema "haya." Safari hii nikauliza, haya ya kukubali shangazi au ya kusikia? Akasema ya kusikia. Kukubali bado.

Yule kaka mwenyewe sikumtumia kitu mpaka shangazi aongee na wazee wake, maana angejua yeye kwanza wazee wangesikia kwa mtoto wao na shangazi angezidi kuaibika. Shangazi alipiga jioni ile ile, mi nikamuandikia usiku. Nilifuta na kuandika tena karibu mara kumi, ya mwisho ikawa, "Habari za jioni kaka. Nadhani umeshasikia kutoka nyumbani. Nilikua na mtu kabla ya haya yote na sikusema mapema, naomba unisamehe kwa usumbufu. Sikuona kosa lolote kwako. Vocha uliyonitumia wiki iliyopita nimekurudishia kama ilivyo." Ile vocha ilinisumbua sana, ni kitu kidogo ila ukipokea kitu cha mtu na ukakaa nacho inahesabika. Alijibu kesho yake mchana, "Sawa, nimeelewa. Ungesema ile siku ya kwanza." Tu. Iliniuma maana alikua na haki, alishawaambia rafiki zake.

Nisikudanganye kwamba yaliisha pale. Mjomba mmoja alisema maneno makali kwenye simu na nikamwacha amalize, sikumjibu. Shangazi alikaa karibu miezi miwili ananiitikia salamu tu. Nilikua nampigia kila Jumapili hivo hivo, namuuliza afya yake, sigusii mambo ya ndoa, dakika mbili namuaga.

Na niseme pia kwamba ya kwangu yalienda hivi kwasababu kwetu wanagomba lakini wanasikiliza. Kama unafungiwa ndani, umenyang'anywa simu au vitambulisho, au unatishiwa kupigwa, usikae kutafuta maneno mazuri kama niliyotafuta mimi, mtafute mtu mzima wa nje ya hiyo nyumba unayemuamini akutoe kwanza.

Wakwe walipotuma ujumbe kwamba wanataka kuja, baba alisema hapokei mgeni bila dada yake kuwepo. Nikampigia shangazi mwenyewe. Alinyamaza kidogo, nikasikia zipu ya mkoba, alafu akasema, "Tarehe ngapi? Niandikie kwa meseji nisije nikasahau."