Siku moja ya mpima parachichi, Tukuyu

Saa 12:00 asubuhi. Usiku mvua imenyesha, na Rungwe mvua ikinyesha inanyesha kweli. Simu ya kwanza naipiga kwa kijana anayechuma sampuli: shamba la bondeni liache leo, nenda la juu ambako hawakupata mvua kubwa. Baada ya mvua ya namna hii tunda linavuta maji na kipimo kinashuka kidogo. Mkulima anakataliwa mzigo kwa sababu ya maji yatakayokuwa yamepungua siku chache zijazo.

Wengi wanadhani kazi yangu ni kubonyeza matunda na kusema "bado". Parachichi la aina ya Hass likiwa mtini ni gumu, liwe limekomaa au halijakomaa, na kidole hakioni tofauti. Ninachopima ni uzito mkavu, ambao vijana wa banda la kufungashia wanauita drai mata: ukiondoa maji yote kwenye nyama ya tunda, kinabaki kiasi gani. Viwango vya Umoja wa Mataifa vya biashara ya parachichi vinataka Hass lifike angalau asilimia 21 na Fuerte 20. Likichumwa chini ya hapo linanyauka badala ya kuiva, au linalainika likiwa kama mpira mdomoni.

Saa 2:00. Sampuli imefika, matunda kumi kwenye kreti. Maelekezo kwa mchumaji ni yale yale: miti tofauti, pande zote za mti, saizi ya kati, usawa wa kichwa, hakuna la kuokota chini. Kila tunda napasua kwa urefu, natoa kokwa pamoja na kile kigozi chake cha kahawia, namenya ganda, kisha napitisha kisu cha kumenyea viazi kuanzia kwenye kikonyo hadi kitakoni. Ukikata sehemu moja tu umepima sehemu hiyo tu, kwa kuwa nyama ya tunda si sawa kote. Vipande viwe vyembamba kama karatasi, gramu 10 kwenye kisahani, mizani ya kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu.

Leo sitaki kuchanganya nyama ya matunda yote kumi, ingawa ndiyo njia ya haraka. Napima moja moja, kwa sababu mwenye shamba anabishana kila wiki.

Kwenye maikrowevu moto uwe mdogo. Toa, pima, rudisha, mpaka mara mbili mfululizo mizani isome uzito ule ule. Ukiwa na haraka ukapandisha moto, ukingo unakuwa kahawia, moshi unatoka, na uzito unaoondoka si maji peke yake. Kipimo kinasoma chini na mkulima anaonewa. Ukitoa mapema, maji yanabaki, kipimo kinasoma juu, na anayeonewa ni mnunuzi. Harufu ndiyo inayosema kwanza: ikianza kunukia kama karanga zilizoungua, kisahani hicho kitupwe na upime upya. Wenye nafasi watumie oveni ya nyuzi 65 usiku kucha, haina presha.

Tunda la kwanza: kisahani kitupu gramu 45.20, na nyama 55.20, baada ya kukauka 47.01. Kilichobaki ni 1.81 kati ya 10, yaani asilimia 18.1.

Saa 4:30. Matokeo yote kumi, nimeyapanga kutoka chini kwenda juu: 18.1, 19.6, 20.2, 20.9, 21.3, 21.8, 22.4, 22.9, 23.5, 24.1. Wastani ni 21.5, shamba limepita. Lakini matunda manne kati ya kumi yako chini ya 21, na hakuna hata moja lenye 21.5. Shamba moja, aina moja, wamechuma asubuhi moja. Sababu kubwa ni maua. Huku kwetu mti unaweza kuchanua kwa mafungu, tunda la maua ya mwanzo likaning'inia jirani na la maua ya baadaye, saizi ikakaribiana na umri ukatofautiana kwa wiki kadhaa. Mwenye shamba nimemshauri achume makubwa ya mwanzo na kuyaacha mengine. Amesema "ndaga", na kwa sauti ile sijui kama alishukuru au aliaga kwa hasira.

Saa 5:00 ndipo alipoingia mwenye mashine ya kukamua mafuta, na siku yenyewe ikaishia hapo.

Alikuja na karatasi aliyoichapisha mjini: jedwali la viinilishe la Idara ya Kilimo ya Marekani. Parachichi bichi, mafuta gramu 14.66 kwa kila gramu 100. Alikuwa amepigia mstari mwekundu.

"Dada, nimenunua tani moja. Asilimia kumi na nne na ushee ya tani ni kilo mia na arobaini na saba. Nimepata lita thelathini na tatu. Vijana wangu wananiibia, nipe karatasi ya kipimo niende nayo polisi."

Nikamwomba akae. Hakukaa.

Kwanza, kaka, lita si kilo. Mafuta ya parachichi ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kilo 0.91 hivi, kwa hiyo lita 33 ni kilo 30. Hilo lilimwongezea hasira, maana pengo lilizidi kukua.

Pili, hizo gramu 100 za kwenye jedwali ni za sehemu inayoliwa. Jedwali halimenyi wala halitoi kokwa kwa niaba yako. Alikuwa na mfuko wa yale aliyonunua: makubwa, ya kijani, shingo ndefu, yale ya kienyeji ya uani. Tukachukua kumi, yakawa gramu 2,640. Tukamenya, nyama ikabaki gramu 1,610, ambayo ni asilimia 61. Kwa hiyo katika tani yake, kilo 390 zilikuwa maganda na makokwa aliyoyalipia kwa bei ya nyama.

Akapiga hesabu upya kwenye simu: kilo 610 mara 14.66 kwa mia. "Bado themanini na tisa. Wameniibia hamsini na tisa."

Hapo ndipo tulipotumia muda mrefu, yeye akichungulia maikrowevu kila dakika kama anasubiri chai. Uzito mkavu wa nyama ya parachichi zake ukatoka asilimia 15.8. Kwa Hass, ukiondoa takribani 10 kwenye uzito mkavu unapata makadirio ya mafuta, kwa sababu tunda likikaa mtini mafuta yanaingia mahali pa maji huku nyuzi, sukari na protini zikibadilika kidogo tu. Kwa ya kienyeji kanuni hiyo ni ya kukisia. Kipimo halisi kinataka kuyeyusha mafuta kwa kimiminika maalumu, na hapa hatuna chombo hicho. Makisio yakawa asilimia 6. Kilo 610 mara 6 kwa mia ni kilo 36.6. Mashine yake ikikamua sehemu nne kati ya tano za mafuta yaliyomo, anapata kilo 29. Yeye alipata 30.

"Kwa hiyo jedwali ni la uongo?"

Hili swali nalisikia kwa mabwana shamba, kwa wanafunzi, hata kwa wauguzi wa kliniki. Jedwali si la uongo, ila soma mstari wenyewe: umeandikwa "aina zote za biashara". Chini yake jedwali hilo hilo lina mistari mingine miwili. Parachichi la California lina mafuta gramu 15.41, la Florida 10.06. Maji ni 72 kwa la kwanza na karibu 79 kwa la pili. La California kwa kawaida ni Hass. Ya Florida ni makubwa, ya kijani, yenye maji, binamu wa hayo ya mfuko wako. Ile 14.66 ni mchanganyiko wa hizo mbili: piga hesabu utaona California imechukua sehemu 86 kwa mia, Florida 14. Ni wastani wa soko lao. Tani yako ya Tukuyu haikuwemo kwenye kapu hilo.

Na hata Hass la hapa hapa, nikamwonyesha daftari: shamba lile lile lililotoka 21.5 leo, wiki tano zilizopita lilisoma 18.9. Kwa makadirio ya kuondoa kumi, mafuta yamepanda kutoka karibu 9 hadi 11 na nusu, bila mtu kubadilisha mbegu wala mbolea. Ukingoja zaidi yanaendelea kupanda. Njombe juu kwenye baridi tunda linachukua muda mrefu zaidi kufika hapo kuliko mashamba ya chini, kwa hiyo tarehe ya jirani wa wilaya nyingine haimsaidii mtu.

Akauliza kama udongo wetu wa volkano ndio unaopunguza mafuta. Hapana. Kwenye mafuta, wenye nguvu ni aina ya tunda, umri wake mtini na hali ya hewa. Udongo unajionyesha zaidi kwenye madini. Mfano mzuri uko ng'ambo ya mpaka, Malawi: mahindi ya udongo mweusi mzito wa bonde la Shire ya chini yana seleniamu nyingi mara kadhaa kuliko mahindi ya udongo mwekundu wenye tindikali wa sehemu nyingine za nchi hiyo hiyo. Wanga haupishani hivyo. Kwa hiyo namba ya wanga kwenye jedwali unaweza kuiazima kwa jirani bila hofu kubwa, ya seleniamu usiiazime kabisa. Mafuta ya parachichi yako upande wa seleniamu, ila kwa sababu nyingine.

Saa ngapi sikumbuki tena, mgongo unauma, sijala. Akataka nimwandikie namba moja ya kubandika ukutani kiwandani. Nimemwandikia utaratibu: kila mzigo unapofika, chukua matunda kumi kutoka magunia tofauti, pima mazima, menya, pima nyama, kausha gramu 10 kwa kila tunda. Zidisha uzito wa mzigo kwa sehemu ya nyama, kisha kwa makadirio ya mafuta, kisha kwa 0.8. Lipa kwa hiyo. Tofauti ya kilo mbili tatu usimuulize mtu; kwa sampuli ya matunda kumi, makosa ya kiasi hicho ni ya kawaida. Ikifika kumi, angalia kwanza kama nyama ilikuwa imeiva sawasawa, maana ngumu haikamuki, ndipo uwafuate vijana.

Alikunja karatasi ya Marekani akaitia mfukoni. Wale vijana hakuwataja tena.

Jioni mzee mmoja kaleta Fuerte zake kwenye kikapu. Shikamoo, marahaba, na kabla sijashika kisu kaniambia mwaka jana wiki hii hii zilipita. Umeme umekatika saa hiyo hiyo. Nimekata vipande, nimevipima, nimeandika kwenye kila kisahani aina, shamba, tarehe na "mvua jana usiku", nikavifunika. Umeme ukirudi vinaingia kwenye oveni nyuzi 65 mpaka asubuhi. Usiporudi mapema havifai tena, mzee itabidi achume kumi nyingine.