Kutoka Jinja hadi Lubiri

Nilitoka Busia mapema nikashuka Jinja kuona kambi ya jeshi, ingawa kwa nje tu maana picha haziruhusiwi. Humo ndani, tarehe 23 Januari 1964, askari waligoma wakidai mishahara. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao walimshikilia mpaka akakubali nyongeza. Siku tatu kabla, wenzao wa Tanganyika walikuwa wameasi Colito, Lugalo ya leo, na siku moja baada ya Jinja wakaasi wa Lanet, Kenya. Wote walikuwa askari wa iliyokuwa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na wote walizimwa kwa msaada wa Waingereza.

Kilichonivuta ni yaliyofuata. Nyerere alilivunja jeshi lake, na Septemba mwaka huohuo akaunda JWTZ kwa vijana waliopitia TANU. Obote, waziri mkuu wa Uganda, aliacha nyongeza ibaki, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo haraka, Idi Amin akiwemo.

Kwenye matatu ya kwenda Kampala nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kuwa askari. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja. Tulipokuwa katikati ya msitu wa Mabira nikamuuliza kuhusu ule mgomo. "Mwanangu," akasema, "tangu siku ile tulijua serikali inatuogopa."

Maneno yake yalinijia tena Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Tarehe 24 Mei 1966 Obote alimtuma Amin kuishambulia ili kumaliza ugomvi wake wa kisiasa na Buganda. Kabaka Mutesa aliruka ukuta akakimbilia uhamishoni, na ikulu ikageuzwa kambi ya kikosi cha Malire. Kwa maoni yangu mlango wa mapinduzi ulifunguliwa siku hiyo. Katiba ilikuwa tayari imewekwa kando, na kuanzia hapo Obote alitawala kwa hisani ya watu wenye bunduki.

Alipotambua hatari alianza kumpunguzia Amin madaraka, akawategemea zaidi maofisa wa Lango, kabila lake, na wa Acholi. Amin naye alikuwa amejaza vikosini watu wa West Nile, alikotoka. Januari 1971, Obote akiwa Singapore mkutanoni na Amin akijua anachunguzwa, magari ya deraya ya Malire yaliingia mjini. Redio na uwanja wa ndege wa Entebbe vikatekwa. Tarehe 25 askari mmoja akasoma redioni sababu 18 za mapinduzi. Kwa jeshi zima, walioshiriki walikuwa wachache. Maofisa watiifu kwa Obote hawakuweza kuungana kwa wakati, na waliobaki wakasubiri kuona nani atashinda.

Raia pia hawakutoka kuitetea serikali. Kampala ilishangilia, hasa watu wa Buganda ambao hawakuwa wamesahau Lubiri. Miezi michache baadaye mwili wa Mutesa ulirudishwa kutoka London ukazikwa Kasubi, kwa amri ya Amin, yuleyule aliyeongoza mashambulizi dhidi ya ikulu yake.